Kijerumani cha Kuombea Maji

Ilikuwa asubuhi ya siku ya tatu, Horombo, kituo cha kulala kwenye mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Wageni niliokuwa nawaongoza walikuwa wanne, wote Wajerumani, tumekaa kwenye kibanda cha chakula tunakunywa chai, na nje upepo unavuma. Nilimuuliza mama mmoja wa makamo amelalaje. Akanijibu kwa haraka, jinsi mtu anavyojibu kwa lugha yake. Nikasikia kichwa, nikasikia maumivu, nikasikia tangu jana usiku. Mwisho wa sentensi ukapotelea kwenye kelele za vyombo. Nikatabasamu, nikamwambia vizuri sana, aendelee kunywa maji.

Mwenzake aliyekaa upande wa pili akaniangalia, kisha akanigeukia kwa Kiingereza. Mbona nasema vizuri, wakati mwenzake ameniambia maumivu yanaongezeka?

Kwa Kijerumani, kuongezeka na kupungua ni kitenzi kile kile. Kinachovitofautisha ni kipande kimoja kidogo, silabi moja tu, na katika sentensi ya kawaida kipande hicho hukatwa kikapelekwa mwisho kabisa. Sisi tukisema yanaongezeka au yanapungua, msikilizaji ameshajua habari kabla hatujafunga mdomo. Mjerumani anakupa kichwa, maumivu, jana usiku, tangu saa ngapi, halafu ndipo anakupa silabi inayokwambia kama mtu huyu anapona au anaumwa zaidi. Mimi nilikuwa na sentensi nzima mkononi isipokuwa silabi hiyo. Tulipomuuliza vizuri tukagundua alitapika usiku, dalili ya ugonjwa wa mwinuko. Aliteremshwa na msaidizi wangu asubuhi ile ile, na kufika jioni alikuwa anakula kama kawaida. Lakini kama yule mwenzake asingekuwepo mezani, ningempandisha kuelekea kibanda cha Kibo, ambako ni juu zaidi kwa karibu mita 1,000.

Kwenye fomu yangu ya kazi, mahali palipoandikwa lugha, nilikuwa nimejaza kwamba naongea Kijerumani kwa ufasaha. Sikudanganya. Hivyo ndivyo nilivyojisikia, na kwa miaka sita kila mgeni alinithibitishia. Wanakusifu hata hujamaliza kusema habari za asubuhi.

Jambo ninalotaka kuandika leo ni jinsi nilivyokuja kujua Kijerumani changu kinaweza nini hasa na hakiwezi nini. Naandika nikiwafikiria viongozi wenzangu wa watalii, manesi wanaojiandaa kwenda Ujerumani, na yeyote anayeulizwa “lugha hiyo unaijua?” akajibu kwa kusikiliza moyo wake.

Kwanza niseme kwamba watu wa Kiswahili tulikuwa na kipimo kizuri hata kabla ya kuletewa majedwali. Mtu akiulizwa kama anajua Kifaransa, anajibu: kidogo tu, cha kuombea maji. Angalia jibu hilo lilivyo. Halisemi anajisikiaje, linataja kazi. Ukimpeleka nyumba ya Mfaransa akiwa na kiu, atakunywa. Akiulizwa kuhusu mkataba wa kupanga nyumba, msimtegemee. Tuna jibu la pili pia: nakisikia, ila kukiongea ndiyo shida. Hapo mtu ametenganisha vitu viwili ambavyo neno “kujua” linavichanganya. Mimi mwenyewe Kichaga ndivyo kilivyo kwangu. Nakisikia chote, hata utani wa wazee. Nikiambiwa nisimame kwenye kikao cha ukoo niseme neno, nakwama kwenye sentensi ya pili. Hakuna anayeona ajabu. Ajabu ni kwamba kwa lugha za kigeni tunataka jibu moja, ndiyo au hapana, fasaha au si fasaha.

Mwalimu aliyekuwa akitufundisha jioni mjini Moshi ndiye aliyenipa karatasi ya ukurasa mmoja: jedwali la kujipima la Baraza la Ulaya, lililotolewa mwaka 2001 pamoja na mfumo wao wa ngazi za lugha, zile A1 ya anayeanza, A2, B1 hadi C2 ya juu kabisa, ambazo kila anayetaka viza amezisikia. Wengi wetu tunazijua herufi hizo kama jina la mtihani au jina la kitabu: “nipo B1” maana yake nimefika kitabu cha B1. Karatasi yenyewe ina mistari mitano: kusikiliza, kusoma, kuzungumza na mtu, kuzungumza peke yako, na kuandika. Kila ngazi ya kila mstari imeandikwa kwa sentensi zinazoanza na “naweza”. Mfumo huo haukuletwa na mtu aliyekaa ofisini akakisia. Sentensi zake nyingi zilipimwa Uswisi miaka ya 1990, ambako walimu karibu 300 walizitumia kuwapima wanafunzi wapatao 2,800, na sentensi ikawekwa kwenye ngazi kulingana na jinsi walimu hao walivyouona ugumu wake.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilijipa B2 karibu kila mahali, kwa dakika tano. Naweza hiki, naweza hiki, tiki, tiki. Mwalimu akaichukua karatasi, akaniuliza swali moja kwa kila tiki: lini mara ya mwisho? Pale nilipoweza kutaja siku na mtu, tiki ilibaki. Pale nilipoanza kusema “kwa kawaida” au “nadhani nikiwekwa naweza”, aliifuta. Tulipomaliza mstari wa kwanza nilikuwa nimebaki na tiki mbili.

Tangu hapo nimejifunza kwamba sentensi ya “naweza” haisomwi kwa kuruka. Ina sehemu tatu, na watu wengi tunaishia kwenye ya kwanza. Kuna tendo: kuelewa, kueleza, kuuliza. Kuna kitu kinachotendwa: hoja kuu za taarifa ya habari, tangazo la kituoni, barua ya mwajiri. Halafu kuna mkia, yaani hali ambamo tendo linafanyika: msemaji akiongea polepole na wazi, mada ikiwa ya kazini kwangu, nikiwa sijajiandaa. Uzito wa sentensi mara nyingi uko kwenye mkia, na ndiko tunakojidanganya.

Chukua kusikiliza, ngazi ya B1. Jedwali linasema, kwa maneno yangu: naweza kuelewa hoja kuu ya vipindi vingi vya redio na televisheni kuhusu mambo ya sasa au mambo ninayoyapenda, iwapo yanasemwa polepole kiasi na kwa uwazi. Nilitaka kuijaribu badala ya kuijadili. Deutsche Welle, ambayo wengi tunaijua kwa idhaa yake ya Kiswahili, ina taarifa ya habari ya Kijerumani inayosomwa polepole kwa ajili ya wanaojifunza, na maandishi yake yanapatikana. Jioni moja nikaisikiliza mara moja tu bila kuangalia maandishi. Baada ya kila habari nilisimamisha, nikaandika kwa Kiswahili sentensi moja: nani amefanya nini, na imekuwaje. Baadaye nikalinganisha na maandishi. Kati ya habari sita za jioni hiyo, mbili nilizipata sawasawa. Tatu nilijua zinahusu nini lakini sikujua kilichotokea. Moja niliielewa kinyume, nikaandika kwamba serikali imekubali jambo ambalo lilikuwa limekataliwa.

Zile tatu za katikati ndizo zilizonifundisha zaidi, kwa sababu nilipokuwa nazisikiliza nilijisikia naelewa. Nilisikia jina la nchi, jina la waziri, neno mgomo, neno treni. Kichwa kikajaza yaliyobaki kwa yale ninayoyajua kuhusu dunia. Kujua mada si kujua hoja. Mtu anayekaa kwenye mazungumzo ya Kijerumani akakwambia “walikuwa wanaongelea mambo ya nyumba” hajaelewa mazungumzo bado. Aseme nani anahama, na kwa nini. Ndiyo maana nasisitiza kuandika sentensi, tena kwa lugha yako mwenyewe, kabla ya kuona maandishi. Ukishayaona, kila kitu kitaonekana ulikuwa unakijua. Kwa haki niongeze kwamba polepole ya taarifa ile haiifanyi kuwa rahisi, maana maneno yake ni ya habari za siasa na si ya mlimani, na hoja yangu haisimami kwenye jioni moja. Nilirudia mara nne kwa wiki mbili. Matokeo yalipanda na kushuka, lakini habari zilizoeleweka sawasawa hazikuwahi kuzidi tatu.

Kuzungumza kulikuwa na habari nyingine. Jedwali linatenganisha kuzungumza na mtu na kuzungumza peke yako, yaani kueleza, kusimulia, kutoa maelezo. Sikuwahi kuwaza kwamba hivyo ni viwili. Kumbe kazi yangu yote iko kwenye kimoja. Njiani kutoka lango la Marangu hadi Mandara nina simulizi zangu. Nasimulia jinsi Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walivyofika kileleni mwaka 1889 baada ya Meyer kushindwa safari zilizotangulia. Naeleza kwa nini msitu unaisha ghafla, kwa nini ile mimea mikubwa ya senesio inabaki na majani yake makavu kama blanketi ya kujikinga na baridi ya usiku. Nimeyasema hayo mara mia kadhaa. Yana vitenzi vya wakati uliopita vilivyokaa sawa, yana vichekesho vilivyojaribiwa. Kwenye mstari huo mwalimu hakufuta kitu. Alinipa B1 bila kusita, na sehemu fulani B2.

Mgeni anayenisikia nikisimulia anaona mtu fasaha, na mimi nikijisikiliza naona hivyo hivyo. Lakini ile ni njia niliyoikanyaga mpaka ikawa barabara. Hata maswali ya wageni yanajirudia: kuna nyoka? Maji haya yanafaa kunywa? Kesho tutatembea saa ngapi? Mtu anaweza kupita miaka sita bila kutoka nje ya barabara hiyo, kisha akaja mama mmoja na maumivu ya kichwa akamtoa.

Kwa hiyo mstari wa kuzungumza na mtu tuliupima kwa njia nyingine. B1 inataka niingie kwenye mazungumzo bila kujiandaa, juu ya mambo ninayoyafahamu. Mkia wake ni “bila kujiandaa”. Kiongozi mwenzangu mmoja aliwahi kuishi Ujerumani miaka minne. Tukakubaliana kwamba ndani ya wiki ile atanipigia simu wakati wowote, ajifanye mgeni anayetaka kubadilisha safari yake. Alinipigia Jumatano mchana nikiwa sokoni. Simu ilichukua dakika kama nne na aliirekodi.

Nilielewa kwamba anataka kusogeza tarehe. Nilielewa kwamba ataongeza mtu mmoja. Aliponiuliza je, yule mtu wa pili akishindwa kuendelea njiani atarudishiwa sehemu ya pesa au la, nikajibu ndiyo ndiyo, jibu ambalo kampuni isingelipenda, kwa kuwa sikulielewa swali. Alipotaja namba ya simu ya dada yake niliiandika, nikamrudishia, naye akanyamaza. Mjerumani husema nne na hamsini pale sisi tunaposema hamsini na nne, na mara nyingi namba ya simu huitamka kwa tarakimu mbili mbili. Mimi nilikuwa naandika tarakimu kadiri zinavyonifikia, ya kwanza kusikika ya kwanza kuandikwa, hivyo 54 ikawa 45. Namba nzima ilikuwa imegeuka.

Nilipoisikiliza rekodi nilihesabu nimesema “ndiyo” mara kumi na moja, na mara tano kati ya hizo hapakuwa na swali la ndiyo wala hapana. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote sasa. Ukitaka kujua kama unaelewa, hesabu mara ulizokubali kitu ambacho usingeweza kukirudia kwa maneno yako. Ngazi ya A2 kwenye mstari huo inasema kwamba ninaweza mazungumzo mafupi sana, ingawa kwa kawaida sielewi vya kutosha kuyaendesha mwenyewe. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Ilikuwa picha yangu mezani Horombo.

Basi hali yangu ikawa hivi: kueleza peke yangu B1 na zaidi, kusoma B1 kwa shida, kuzungumza na mtu A2, kusikiliza A2, kuandika A2. Nikauliza, kwa hiyo mimi ni ngazi gani? Mwalimu akasema swali hilo ndilo lililonileta hapa. Hata mtihani wa B1 wa Goethe, taasisi ya lugha ya Ujerumani, hauchanganyi. Una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja inadai angalau alama 60 kati ya 100 yenyewe kwa yenyewe. Ukipata 90 kuzungumza, hazikuongezei hata moja kwenye kusikiliza. Na aliyeanguka sehemu moja anaweza kurudia hiyo peke yake. Ningejiandikisha kwa kufuata nilivyojisikia, ningepoteza ada ya kusikiliza.

Nimesema kuhusu kujikweza kwa sababu huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu, ila karatasi hii inakata pande mbili. Darasani kwetu kulikuwa na dada mmoja nesi aliyekuwa akisema kila siku kwamba hajui kitu. Alikuwa amejilinganisha na Kiingereza chake, ambacho amekisoma tangu utotoni, akaona Kijerumani chake ni aibu. Alipoulizwa lini mara ya mwisho, akawa anataja: jana nimesikiliza maelezo ya kumgeuza mgonjwa kitandani, nikayafuata yote. Wiki iliyopita nimeandika barua pepe kwa hospitali, wamejibu nilichouliza. Tiki zake zilikuwa na tarehe na majina. Alitoka na B1 kwenye mistari minne kati ya mitano, na aliposikia hivyo alinyamaza muda mrefu. Alikuwa ameahirisha mtihani mara mbili bila sababu.

Jedwali lina mipaka yake. Halisemi mengi kuhusu makosa. Mtu anaweza kusimulia safari nzima na kila nomino akaipa jinsia isiyo yake, na bado sentensi ya “naweza” ikawa kweli. Maneno kama “mada ninazozifahamu” na “hali nyingi” yananyumbuka, kila mtu anayavuta kwake. Halafu liliandikwa kwa watu wanaosafiri Ulaya, wanaokwenda shule na ofisi za huko, na hakuna mstari unaozungumzia mgonjwa wa mwinuko kwenye kibanda chenye kelele.

Kwa hiyo nimeandika za kwangu, kwenye daftari ninalopanda nalo. Ziko saba tu. Kila moja ina tendo, kitu na mkia. Ya kwanza inasema: naweza kumuuliza mgeni anayeumwa kichwa maumivu yameanza lini, yanaongezeka au yanapungua, na kama ametapika, nikaelewa majibu yake anapoongea kwa kasi yake ya kawaida, kwenye kelele, nikimwomba arudie si zaidi ya mara moja, kisha nikamrudishia nilichosikia kwa maneno yangu naye akakubali kwamba ndicho alichosema. Ni ndefu. Nilipoiandika fupi haikunisaidia, maana “naweza kuongea na mgonjwa” ningeiwekea tiki siku ile ile niliyomwambia yule mama vizuri sana.

Pembeni ya kila sentensi kuna safu tatu: peke yangu, kwa msaada, bado. Tiki naiweka siku hiyo hiyo jioni, pamoja na tarehe, nikiwa bado nakumbuka mgeni alisemaje. Sentensi haihamii “peke yangu” mpaka iwe imetokea mara tatu kwa wageni tofauti, kwa sababu nimeona mara moja inaweza kuwa bahati ya mgeni anayetamka vizuri. Fomu ya kazi nayo nimeibadilisha. Palipokuwa na ufasaha pameandikwa: natoa maelezo ya njia nzima kwa Kijerumani, masuala ya afya na malipo nayahakikisha kwa Kiingereza au kwa msaidizi. Niliogopa nitapoteza safari. Kundi la kwanza baada ya hapo lilipangiwa msaidizi anayesikia Kijerumani vizuri kuliko mimi, na ninajifunza kwake.

Wiki tatu zilizopita, Horombo tena, kijana mmoja aliniambia kitu kuhusu kichwa chake. Nilisikia sentensi yote, na mwisho wake sikuwa na uhakika nao. Nikamuuliza kwa vitenzi vyote viwili, kimoja baada ya kingine, kipande cha mwisho nikikivuta kwa makusudi: yanaongezeka, au yanapungua? Akarudia polepole. Yanapungua. Nikamrudishia, akaitikia kwa kichwa, nikampima oksijeni kidoleni ikawa sawa, tukaondoka. Jioni nikafungua daftari, sentensi ya kwanza, nikaandika tarehe, nikaweka tiki kwenye safu ya kati.